Kazi Fupi Kwanza

Benchi la ofisi ya kijiji chetu lilikuwa fupi kuliko watu waliolikalia, na mguu wake mmoja uliegemezwa tofali. Nililikalia likizo nzima. Ukiniuliza ujana wangu niliuacha wapi, sitakutajia Dar es Salaam wala Tanga, nitakuonyesha benchi. Na usiniambie subira yavuta heri. Aliyeisema methali hiyo hakupata kumngojea baba yangu mkubwa.

Nianze na kilichonikalisha hapo.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar, nasoma hesabu, na katika hesabu tulifundishwa kompyuta. Chuo kizima kilikuwa na mashine moja, kubwa kama kabati la nguo, na kila idara ilikuwa na kazi zake za kuipa. Unaandika maagizo, yanatobolewa kwenye kadi, unapeleka bunda lako, unangoja. Kazi ya mwisho wa mwaka tuliyopewa mimi na mwenzangu ilihusu kungoja kwenyewe: tuandike programu ya kuigiza foleni ya mashine, tulinganishe njia mbili za kupanga zamu, kisha tuseme ni ipi yenye wastani mdogo wa muda wa kungoja.

Njia ya kwanza wataalamu waliiita raundi robini, sisi tukaiita zamu kwa zamu. Kila kazi inapewa kipande kidogo cha muda. Kikiisha kabla haijamalizika, inarudi mkiani mwa foleni na kungoja zamu nyingine. Njia ya pili ni kazi fupi kwanza: mashine inaangalia zilizopo, inachukua iliyo fupi kuliko zote, inaifanya mpaka mwisho, ndipo inachukua inayofuata. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Mwenzangu aliandika nusu ya zamu kwa zamu, mimi nikaandika nusu ya kazi fupi.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa Mazinde. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge akabaki hukohuko kambini. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujajuana. Siku ya kwanza bwenini aliniambia Wazigua tunakula mpaka mbegu za kupanda, nikamwambia babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka akasahau njia ya kwao. Tukawa marafiki.

Programu yetu ilipita mashineni mara moja tu kabla ya likizo. Tuliijaribu kwa kazi tatu, zote zikifika kwa pamoja: ya kwanza inahitaji dakika saba, ya pili nne, ya tatu mbili. Kipande cha zamu tulikiweka dakika mbili. Karatasi ilipotoka ilisema wastani wa kungoja kwa zamu kwa zamu ni dakika 2.00, na kwa kazi fupi kwanza ni 2.67. Tukashangilia. Mtani akaimba korido nzima kwamba nusu yake imeishinda nusu yangu.

Mhadhiri aliirudisha na neno moja la wino mwekundu: Haiwezekani.

Tulipomfuata alisema, bila hata kuvua miwani, kwamba kazi zikifika pamoja hakuna upangaji unaoweza kuishinda kazi fupi kwanza kwa wastani wa kungoja, maana ukimtanguliza mrefu unamchelewesha kila aliye nyuma yake. Kuna kosa ndani ya programu. Tulitafute likizoni. Atakayekosekana siku ya kufungua chuo asijisumbue kuja baadaye. Wenye shida ya nafasi ni wengi.

Nikarudi kijijini, karibu na Kabuku, nikiwa na ile karatasi na nakala ya programu. Kijiji chetu kilikuwa cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, shamba la pamoja huku, duka la ushirika kule, ofisi katikati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyenilea. Wiki ile niliyofika, katibu wa kijiji alikuwa amehamishiwa Handeni mjini, na mwalimu wa elimu ya watu wazima alikuwa amekwenda zake kuoa Pangani na hakurudi.

“Shikamoo baba mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Umefika wakati mzuri. Kijiji kinahitaji mtu wa hesabu.”

Aliyasema kwa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtu akikufunga kwa kamba utaing'ata. Huyu alinifunga kwa kunipakulia minofu, kwa kunionyesha nyumba ya mwalimu iliyokuwa tupu, kwa kumwambia kila mpita njia, “Huyu ndiye mwanangu wa chuo, ametuletea elimu yake.” Watu wakaanza kuniita mwalimu. Mama yangu, masikini, alifurahi mpaka akapaka nyumba ile chokaa.

Sasa, kurudi chuoni kulitaka barua. Siku zile mwanafunzi aliyekwenda kijijini alirudi na barua ya serikali ya kijiji, imepigwa mhuri, inayoeleza alivyoshiriki kazi za maendeleo. Bila hiyo huandikishwi, na hata kupanda gari la mbali walikuuliza unakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Barua yangu ilikuwa mikononi mwa baba mkubwa, naye hakukataa kuiandika. Laiti angekataa! Ningelia, ningepeleka malalamiko kwa wazee, ningefanya jambo. Yeye aliniambia, “Keti, tunaandika.”

Baba mkubwa alijifunza kuandika ukubwani. Aliandika kila herufi kama anayechonga mpini, ulimi umetoka pembeni, na hakukubali kusaidiwa. Nilimwomba niandike mwenyewe, yeye atie sahihi tu. Alinitazama kwa huzuni.

“Mshitakiwa hajiandikii hukumu, na mwombaji hajiandikii sifa. Barua hii nataka ieleze vizuri. Ni ya mwanangu.”

Basi nikaketi. Na ofisi ile, bila katibu, ilikuwa na mtu mmoja wa kuhudumia kijiji kizima. Baba mkubwa hakupenda mtu yeyote aondoke akisema hakusikilizwa. Kwa hiyo alimsikiliza kila mtu kidogo. Anaandika mstari mmoja wa barua yangu. Anageuka kwa bibi mwenye kesi ya mbuzi, anamsikia mpaka mbuzi anapoingia shambani. Hapo anamsimamisha, anamgeukia mzee anayetaka mhuri wa kusafirisha mahindi, anatafuta mhuri, anaupata, wino hana. Anamwambia angoje, anarudi kwangu, anaandika nusu mstari. Bibi anaendelea na mbuzi. Jua linazunguka kutoka mlangoni mpaka dirishani, na hakuna aliyeondoka.

Nilichoka. Nilichoka mpaka nikamchukia mbuzi ambaye sijapata kumwona. Kifuani nilihisi kama nimefungiwa ghalani na mtu anayenisalimu vizuri kila anapopita mlangoni. Siku moja nikathubutu.

“Baba mkubwa, samahani. Mimi nangoja tangu asubuhi.”

Alishangaa kweli. “Unangoja nini wewe? Si nimeshakuanza? Tazama, jina lako hili hapa. Anayengoja ni yule aliye mlangoni. Wewe umeshahudumiwa.”

Bibi wa mbuzi akadakia, “Mjukuu wangu, ukishakaribishwa kiti huitwi mngojaji, unaitwa mgeni.”

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeganda. Nikaitoa ile nakala ya programu mfukoni, imekunjika kama jani la mgomba, nikaisoma nusu ya mtani mstari kwa mstari. Na kosa lilikuwepo. Aliandika kwamba muda wa kungoja ni saa ya kazi kuanza kuhudumiwa, toa saa iliyofika. Kwa kazi fupi kwanza hesabu hiyo ni sawa, kwa sababu kazi ikianza inafanywa mpaka mwisho, haingoji tena. Lakini kwa zamu kwa zamu kazi inaanza, inatupwa mkiani, inarudi, inatupwa tena. Mtani aliacha kuhesabu pale tu kazi ilipoguswa mara ya kwanza. Kungoja kote kulikofuata, huko mkiani, hakukuandikwa popote.

“Nimelipata!” nilipiga kelele.

“Mbuzi?” bibi akauliza.

Nilimtumia mtani ujumbe kwa dereva wa lori la mkonge, naye akashuka Kabuku siku chache baadaye, vumbi mpaka kwenye kope. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, karatasi imegeuzwa upande usioandikwa. Alibisha, maana mtani hakubali kushindwa na Mzigua.

“Wewe huna adabu,” alisema. “Kambini kwetu, mgeni akija mama yangu anamwachia mwiko mtu, anamsalimu, anampa kigoda. Hapo mgeni amepokelewa. Hata chakula kikiiva jioni, nani atasema mgeni aliachwa angoje?”

“Tumbo lake litasema.”

“Mzigua hufikiria tumbo tu.”

“Hesabu basi, mpagazi wee. Hesabu!”

Tukahesabu. Kazi ya dakika saba inaanza palepale, inafanywa mbili, inarudi mkiani. Ya dakika nne inachukua mbili zake, inarudi. Ya dakika mbili inapata zamu yake, inamalizika dakika ya sita. Ile ya dakika saba inapewa tena mbili, ya dakika nne inapewa mbili za mwisho na kumalizika dakika ya kumi. Ile ndefu inabaki peke yake mpaka dakika ya kumi na tatu. Sasa muda wa kungoja ni saa ya kumaliza, toa saa ya kufika, toa muda wa kazi yenyewe. Ndefu imengoja sita. Ya kati imengoja sita. Fupi imengoja nne. Jumla kumi na sita, gawanya kwa tatu: 5.33.

Kwa kazi fupi kwanza, fupi haikungoja kabisa, ya kati ilingoja mbili, ndefu ikangoja sita. Jumla nane, gawanya kwa tatu: 2.67, kama mashine ilivyosema. Zamu kwa zamu ilikuwa imeongeza wastani mara mbili, na programu yetu ikaona dakika mbili tu, kwa sababu ilihesabu sifuri, mbili na nne: saa za kukaribishwa.

Mtani aliirudia hesabu kwa kidole. Kisha akaweka mkono kichwani.

“Lo! Mama yangu ameniponza.”

“Kakuponza kwa adabu njema.”

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kilichobaki kilikuwa kubadilisha mstari mmoja, kutoboa kadi upya, na kufika siku ya kufungua. Barua yake ilikuwa tayari. Karani wa kambi aliipiga kwa mashine ya chapa akaimaliza kabla chai haijapoa. Tukaagana kwamba lori la mkonge litakalokwenda Dar litampitisha Kabuku siku moja kabla ya chuo kufunguliwa, na dereva ataingia mpaka kijijini kunichukua. Mafuta yalikuwa ya shida. Baada ya lori hilo hakuna aliyejua lingine lini.

Mtani akaondoka. Jioni ile nilikula nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja likizo yote. Baba mkubwa aliiona, akauliza ni nini tulichokuwa tunachorachora kivulini mwa ofisi yake. Nikamweleza. Nilimweleza kwa raha, kwa matonge ya ugali, tonge kubwa na tonge dogo, na alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi darasani.

“Yaani mimi ninavyofanya ndivyo hivi vya zamu kwa zamu?”

“Ndivyo, baba.”

“Na watu wanangoja mara mbili?”

“Kwa wastani.”

Akanawa mikono taratibu. “Kumbe nimekuwa nawatesa watu wangu,” alisema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa ofisi akauliza kila mmoja shida yake, kisha akawapanga. Mwenye mhuri mbele. Mwenye swali moja afuate. Mwenye kesi nyuma. Na akianza na mtu hamwachi mpaka amalize. Ee, mambo yakabadilika! Kabla jua halijawa kali watu walikuwa wamekwenda mashambani kwao. Bibi wa mbuzi alisikilizwa mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, akalipwa jogoo, akapita nyumbani kunibariki. Watu walinipa mikono njiani. “Mwalimu, umetukomboa.” Mama yangu alitembea akiwa ameinua shingo.

Mimi nilikuwa wapi? Benchini. Maana katika ofisi ile hapakuwa na kazi ndefu kuliko barua yangu.

Siku ya kwanza sikujali. Wafupi walipita, nikasema sasa zamu yangu, baba akashika kalamu, akaingia mtu wa mhuri. Baba aliweka kalamu chini kabla hajagusa karatasi. “Huyu ni mara moja tu.” Kweli, ilikuwa mara moja. Nyuma yake akaingia mwingine wa mara moja. Habari njema hutembea: watu wa vijiji jirani walisikia kwamba kwa mwenyekiti wetu mhuri unapatikana upesi, wakaanza kuja na vyao. Kila mmoja alikuwa mfupi. Kila mmoja, kwa haki kabisa, alinitangulia.

Zamani nilipata walau nusu mstari kwa siku. Sasa sikupata hata nukta.

Nililijua jambo hili. Mhadhiri alilitaja darasani: kazi ndefu inaweza kukaa foleni bila mwisho kama fupi haziachi kuja, na wastani utaendelea kupendeza. Nililiandika daftarini na kulipigia mstari. Lakini kulijua darasani ni jambo moja. Kulikalia benchini, huku watu wakikushukuru kwa kukuruka, ni jambo jingine. Nilitaka kupiga ukuta kwa ngumi.

“Baba, siku zinakwisha,” nilimwambia usiku wa kuamkia safari.

“Najua, mwanangu. Kesho wakipungua tu.”

“Kwa nini usianze na mimi?”

“Nikianza na wewe sitakuacha mpaka nimalize, ni nusu siku. Watu wote watangoja kwa sababu ya mtoto wa mwenyekiti?” Akaniwekea mkono begani. “Si wewe uliyenionyesha?”

Nilirudi kufunga mzigo wangu, jibu sijalipata. Mpaka leo nalitafuta, na nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Alikuwa anataka nibaki? Alitaka, hilo kila mtu alijua. Je, alinichelewesha kwa makusudi? Hapana. Nilimchunguza siku ile kama ninavyochunguza programu, mstari kwa mstari, na sikuona udanganyifu. Afadhali ningeuona.

Asubuhi nilifika na mzigo wangu. Watu walikuwa wachache, nikaanza kuwa na matumaini. Akaisha wa mhuri. Akaisha wa cheti cha mtoto. Baba mkubwa akaivuta karatasi yangu, akalamba ncha ya kalamu. Akaingia mama na kibali cha pombe ya harusi. Kisha wawili kutoka kijiji cha jirani. Kisha mzee mmoja aliyesahau jina la mtu aliyemtuma, na ikabidi aambiwe aende akaulize, lakini hilo nalo lilikuwa fupi.

Honi ya lori ilisikika kabla ya adhuhuri. Mtani aliruka chini akaja mbio mpaka mlangoni. Aliniona benchini, akaiona karatasi mezani, mistari ile ile, akamwona baba na mhuri mkononi. Hakutania.

“Shikamoo mzee,” alisema.

“Marahaba. Karibu, keti.”

“Sikai, mzee. Dereva hasubiri.” Akaniinamia. “Twende bila barua. Tutawaeleza.”

Tulijua sote wawili kwamba hakuna atakayetusikiliza. Mwaka uliopita tulimwona mwenzetu mmoja amekaa langoni na sanduku lake, hana barua, na hakuna aliyemfungulia. Nilimpa karatasi ya hesabu, ile ya 5.33, na nakala niliyokuwa nimesahihisha ule mstari.

“Usisahau kutoa muda wa kazi yenyewe,” nilimwambia.

“Sisahau.”

“Na andika majina yote mawili.”

Aliitikia kwa kichwa tu. Lori lilipoondoka alisimama nyuma juu ya mikonge, ameshika kamba, anatazama ofisi mpaka vumbi likamfunika.

Mchana ule hakuja mtu tena. Baba mkubwa akavuta karatasi, akaandika bila kuinua kichwa, herufi kwa herufi, ulimi pembeni. Aliandika jinsi nilivyolima shamba la pamoja, jinsi nilivyokuwa mnyenyekevu, jinsi nilivyofundisha kijiji njia bora ya kuhudumia wananchi. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopata kuandikiwa. Akaisoma kwa sauti, akasahihisha neno moja, akaipiga mhuri, akapulizia wino ukauke, akasimama kunikabidhi kwa mikono miwili.

Kisha akatazama benchi tupu na mlango uliokuwa wazi, akavuta pumzi ya mtu aliyemaliza siku vizuri.

“Umeona, mwanangu? Leo hakuna aliyengoja.”

Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante baba.